Nyumba ya nne isiyo na sayari: uchambuzi wa chati moja kutoka Mbeya

Mwezi wa Julai 2025, katika zile wiki ambazo baridi ya Mbeya huwafanya watu wakae na makoti hadi saa nne asubuhi, alinijia mama mmoja mfanyabiashara wa viazi mviringo, mwenye umri wa miaka 38, ambaye hufuata mzigo wake kwa wakulima wa safu ya Uporoto na kuuleta mjini. Aliniamkia, akakaa, kisha akanionyesha katika simu yake picha ya chati ya kuzaliwa ambayo mtu mwingine alikuwa amemchorea. Katika picha hiyo kisanduku kimoja upande wa chini kilikuwa kimezungushiwa mstari mwekundu. Aliniambia, "Mwalimu, nimeambiwa nyumba yangu ya nne ni tupu, na kwamba mtu wa nyumba ya nne tupu hafi akiwa na kwake. Nina kiwanja Uyole na msingi umeshachimbwa. Nataka kujua kama nikiuze."

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina lake wala siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu kosa alilofanyiwa ni la kawaida sana na limekwishawaumiza watu wengi ninaowafahamu. Sehemu ya kosa hilo inatokana na lugha yetu wenyewe. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba nyumba ni tupu, msikilizaji huona milango iliyofungwa, majani yaliyoota uani na wenyewe waliohama au kufariki. Katika unajimu neno hilo lina maana finyu zaidi: kwamba wakati mtu alipozaliwa hakuna sayari iliyokuwa katika sehemu hiyo ya anga. Nyumba haina mpangaji siku ile, lakini mwenye nyumba yupo, na ni yeye anayepaswa kutafutwa.

Kabla sijagusa nyumba ya nne niliomba kuona mahali saa yake ya kuzaliwa ilipoandikwa. Alikuwa na kadi ya kliniki ya mama yake, imekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na wino wa bluu ulikuwa bado unasomeka: saa 1.00 usiku, Septemba 1986. Nikarudi kwenye picha ya simu na kutazama Jua lilipo. Lilikuwa juu kabisa ya chati, katika nyumba ya kumi, karibu na kilele cha anga. Hapo nilijua kwamba chati ile si yake. Mtu aliyezaliwa saa moja usiku amezaliwa muda mfupi baada ya magharibi, na Jua lake lazima lionekane upande wa machweo, karibu na mpaka wa nyumba ya sita na ya saba. Jua linapokuwa kileleni, mtoto amezaliwa adhuhuri.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Programu za kuchora chati hutumia saa zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia macheo na machweo. Aliyemchorea alisoma "saa 1 usiku" akaandika `1:00 PM`, ambayo kwetu ni saa saba mchana. Alipaswa kuandika `19:00`. Tofauti hiyo ni ya saa sita, na katika saa sita anga hugeuka robo ya mzunguko wake, kwa hiyo kila nyumba husogea takriban nyota tatu. Ninapopokea chati yoyote iliyochorwa kwa saa ya Kiswahili, kipimo changu cha kwanza ni hicho: naangalia Jua liko wapi, halafu namuuliza mwenye chati kama alizaliwa mchana, usiku, alfajiri au jioni. Jua likiwa juu ya mstari wa upeo wa macho kwa mtu aliyezaliwa gizani, sina haja ya kuendelea kusoma kitu kingine chochote kabla ya kurekebisha saa.

Nilichora chati upya kwa saa 19:00, mahali Mbeya, latitudo karibu nyuzi 9 kusini. Nyota inayochomoza ikawa Punda, nyuzi ya 7 hivi, ilhali katika chati ya kwanza ilikuwa Mbuzi. Jua likaonekana mwanzoni mwa Mizani, limeshuka kidogo tu chini ya upeo wa magharibi, kama lilivyokuwa jioni ile mama yake alipojifungua.

Ajabu ni kwamba nyumba ya nne ilibaki bila sayari. Katika chati ya makosa nyumba hiyo ilikuwa Punda, na katika chati sahihi ni Kaa, na zote mbili hazina mpangaji. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama utupu wenyewe ungekuwa unasema neno, chati mbili zilizotofautiana kwa saa sita zingekuwa zinasema neno moja. Lakini Punda inamilikiwa na Mirihi, na Kaa inamilikiwa na Mwezi, na sayari hizo mbili zilikuwa mahali tofauti kabisa. Katika chati ya makosa mwenye nyumba ya nne ni Mirihi aliyeko nyumba ya kwanza, jambo ambalo lingesomwa kama mtu anayejijengea kwa nguvu zake mwenyewe na kwa haraka. Katika chati sahihi mwenye nyumba ni Mwezi aliyeko nyumba ya tatu, na habari inakuwa nyingine. Aliyezungushia kile kisanduku mstari mwekundu hakufika huko, aliishia mlangoni.

Hapa inabidi nieleze nyumba zenyewe, kwa kadiri kisa hiki kinavyohitaji. Nyumba kumi na mbili ni mgawanyo wa anga kama linavyoonekana kutoka pale mtoto alipozaliwa, kwa dakika ile. Nyota huzunguka, nyumba hazisogei: ya kwanza iko upande wa macheo, ya kumi iko juu, ya saba iko upande wa machweo, na ya nne iko chini kabisa, upande ambao hatuuoni kwa sababu ardhi yenyewe imeuziba. Maana za nyumba hizi nne zimetokana na mahali zilipo. Kinachochomoza ni mtu mwenyewe, mwili wake na namna anavyoingia mahali. Kilichoko juu huonekana na wote, kwa hiyo nyumba ya kumi hutawala kazi, cheo na jina la mtu mbele za watu. Upande wa machweo unamkabili mtu uso kwa uso, hivyo ya saba ni ya mwenzi wa ndoa, mshirika wa biashara, na pia mpinzani wa wazi.

Nyumba ya nne, kwa kuwa iko chini ya ardhi, hutawala ardhi yenyewe, makazi, wazazi na ukoo, urithi wa mashamba, makaburi, na mwisho wa jambo lolote. Kwa mtu wa Rungwe, ambaye makaburi ya wazee wake yako pembeni ya migomba hatua chache kutoka jikoni, mkusanyiko huo wa maana hauhitaji maelezo marefu. Wanajimu wa zamani waliiita nyumba ya baba, na wengi wa siku hizi huiita nyumba ya mama. Mimi huisoma kama nyumba ya wazazi wote wawili na kumwachia mwenye chati aniambie ni yupi aliyeshika uzito wa nyumbani kwao.

Nyumba nyingine nane hukaa katikati ya hizo nne. Ya pili hutawala mali inayoshikika, kipato na chakula cha mtu. Ya tatu ndugu waliozaliwa pamoja naye, majirani, safari fupi, barua na maandishi ya kila siku. Ya tano ni ya watoto na ya mambo yanayompa mtu furaha, na ya sita ni ya maradhi, kazi za kutumikia na wanyama wadogo wa kufuga. Ya nane hubeba kifo, madeni na mali inayotoka mikononi mwa wengine, jambo ambalo huwafanya watu waiogope bila sababu ya kutosha. Ya tisa ni ya dini, elimu ya juu na safari za mbali. Ya kumi na moja ni ya marafiki, vikundi na matumaini. Na ya kumi na mbili hutawala upweke, mambo ya siri, vifungo na hasara ambazo mtu hazioni zinakotoka.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo hofu ya nyumba tupu inapokosa mguu wa kusimamia. Unajimu wa kale ulitumia sayari saba, Jua na Mwezi zikiwemo. Sayari saba haziwezi kujaza nyumba kumi na mbili. Hata zikitawanyika kila moja kwake, nyumba tano zitabaki bila kitu. Ukiongeza Urani, Neptuni na Pluto unapata kumi, na bado mbili zitabaki. Kwa kawaida zinabaki nyingi zaidi, kwa sababu Utaridi na Zuhura haziendi mbali na Jua, kwa hiyo hizo tatu hupenda kukaa nyumba za jirani. Hakuna binadamu aliyewahi kuzaliwa bila nyumba tupu.

Katika chati ya mama huyu sayari zote kumi zilikaa katika nyota sita tu. Mwezi ulikuwa Mapacha, Jua na Utaridi zilikuwa Mizani, Zuhura na Pluto zilikuwa Nge, Zohali na Urani zilikuwa Mshale, Mirihi na Neptuni zilikuwa Mbuzi, na Mshtarii ilikuwa Samaki. Nyumba sita hazikuwa na mtu: ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano, ya sita na ya kumi na moja. Nilimwekea karatasi mezani nikamwonyesha moja baada ya nyingine. Kama nyumba tupu ni kukosa, nilimwambia, basi huna mwili, maana nyumba ya kwanza haina kitu. Nawe umekaa mbele yangu na koti lako. Huna watoto, maana ya tano haina kitu. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie, kwa sababu ana watoto wawili, na mkubwa yuko sekondari. Huna hata shilingi, maana ya pili haina kitu. Na yeye ndiye anayelipa ada za watoto hao kwa gunia za viazi.

Kumwondolea mtu hofu ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kusoma kile ambacho nyumba hiyo inasema kweli. Mimi hufuata mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza natazama nyota iliyoshika nyumba hiyo na sayari inayoimiliki. Pili namfuata mwenye nyumba huyo mpaka pale alipo, kwa sababu mambo ya nyumba yake hupitia huko. Tatu naangalia ni sayari zipi zinazoitazama nyumba hiyo kutoka mbali, kwa kuwa nyumba isiyo na mpangaji bado inaweza kuwa na majirani wanaoichungulia kwa wema au kwa ukali.

Nyota ya nyumba yake ya nne ni Kaa, na mmiliki wake ni Mwezi. Mwezi huo ulikuwa katikati ya Mapacha, nyuzi ya 15 hivi, katika nyumba ya tatu. Kwa lugha ya kawaida ni kwamba habari za ardhi na makazi za mama huyu hazitulii nyumbani. Zinapitia kwa ndugu zake, kwa safari fupi na kwa karatasi. Kwa kuwa Mapacha inamilikiwa na Utaridi, na Utaridi iko Mizani katika nyumba ya saba, njia hiyo inaendelea mpaka kwenye makubaliano na mtu mwingine. Nilipofika hapo sikumweleza chochote. Nilimuuliza tu, "Kile kiwanja, karatasi yake ya mauziano ina jina la nani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema lina jina la kaka yake. Wakati kiwanja kinapatikana yeye alikuwa akiishi Iringa, akatuma fedha, na kaka akanunua na kusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Miaka imepita, kaka hajakana, lakini naye ameoa na ana watoto wake, na jambo hilo halijawahi kuzungumzwa. Msingi ulichimbwa ukasimama hapo. Kila alipotaka kununua matofali alihisi anajenga kwenye ardhi ya mwingine, na alipoambiwa kwamba nyumba yake ya nne ni tupu, hofu aliyokuwa nayo tayari ilipata jina.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Chati haikujua habari za kaka. Familia nyingi zina viwanja vilivyonunuliwa kwa jina la ndugu, na swali langu lingeweza kukosa. Ninachosema ni kwamba kumfuata mwenye nyumba kulinipa swali la kuuliza, na "nyumba tupu" halikuwa limempa mtu aliyenitangulia swali lolote. Unajimu ni mapokeo ya kusoma maana, haupimiki kwa mizani ya maabara, na mwenye kuutumia anapaswa kusimama mahali anapoishia ujuzi wake.

Jambo la tatu ni watazamaji. Mshtarii iliyoko Samaki na Zuhura iliyoko Nge zote mbili zinaitazama Kaa kwa mtazamo wa theluthi ya duara, ambao tangu zamani umehesabiwa kuwa wa kirafiki. Hizo ndizo sayari mbili zinazoitwa za heri, na Mshtarii hapo iko katika nyota yake yenyewe, ikiitazama nyota ambamo huhesabiwa kuwa na heshima ya juu. Kwa upande wa pili Mirihi iliyoko Mbuzi, katika nyumba ya kumi, inaitazama nyumba ya nne uso kwa uso. Mirihi ndani ya Mbuzi ni yenye nguvu na nidhamu, hivyo siisomi kama uharibifu; naisoma kama mvutano kati ya kazi na nyumbani, na kama dalili kwamba panapojengwa patakuwa na ukali wa maneno, ama na fundi, ama na jirani juu ya mpaka. Ukijumlisha, nyumba hii inayodaiwa kuwa tupu inatazamwa na heri mbili na shari moja iliyonyooka. Nimeona chati za watu wenye sayari ndani ya nyumba ya nne ambazo hali yake ilikuwa ngumu kuliko hii.

Mtu anaweza kuuliza kama matokeo haya yanategemea namna ya kugawa nyumba. Ni swali la haki. Mimi nilitumia mfumo ambao kila nyota ni nyumba nzima. Programu huuita `Whole Sign`. Nilijaribu pia ule wa `Placidus`, ambao ndio programu nyingi huanza nao, na ambao hugawa nyumba kwa mwendo wa muda. Nyumba ya nne ilianza nyuzi ya 6 ya Kaa na ikabaki bila sayari, na Mwezi ukabaki katika ya tatu. Lakini Jua, ambalo kwa mfumo wa kwanza liko nyumba ya saba, kwa mfumo wa pili likaingia ya sita, kwa sababu lilikuwa limeshazama. Kwa hiyo inawezekana kabisa nyumba iwe na mpangaji katika mfumo mmoja na isiwe naye katika mwingine. Anayetoa hukumu kwa utupu peke yake hana budi kueleza ni utupu wa mfumo upi. Anayemfuata mwenye nyumba husumbuliwa kidogo zaidi, ingawa hakingiwi kabisa.

Lililobaki lilikuwa wakati. Nyumba isiyo na sayari haimaanishi kwamba haiamki. Huamka zamu yake inapofika. Njia ya zamani ninayoipenda ni ya kuhesabu nyumba kwa umri: mwaka wa kwanza wa maisha ni wa nyumba ya kwanza, na kila siku ya kuzaliwa inasogeza nyumba moja, hivyo baada ya miaka 12 mtu anarudi alipoanzia. Zamu ya nyumba ya nne huanguka mtu anapotimiza miaka 3, 15, 27, 39 na kuendelea. Mtaalamu wa Kigiriki Vettius Valens, aliyeandika katika karne ya 2, aliitumia kwa kirefu.

Kabla sijamwambia hesabu hiyo nilimwomba aniandikie kwenye karatasi miaka yote aliyohama au iliyohusu ardhi, bila kueleza kwa nini. Aliandika minne. Akiwa na miaka 15 aliondoka Tukuyu kwenda kukaa kwa dada yake Mbeya ili asome. Baadaye alihamia Iringa akiwa na miaka 23. Kiwanja kilinunuliwa Februari 2014, alipokuwa na miaka 27. Akarudi Mbeya akiwa na miaka 31. Miaka miwili kati ya minne iliangukia zamu ya nyumba ya nne, na yote miwili ilipitia kwa ndugu wa kuzaliwa naye, dada mara ya kwanza na kaka mara ya pili, kama Mwezi ulio katika nyumba ya tatu unavyoelekeza. Ile miwili mingine haikuangukia. Kuhama kwake kwenda na kurudi Iringa ni mambo makubwa ya makazi, na hesabu hii haikuyaonyesha. Ningekuwa namdanganya kama ningeyapindisha yaingie.

Kuna sayari moja inayotembea karibu sawa na hesabu hiyo. Mshtarii humaliza mzunguko kwa muda unaopungua kidogo miaka 12, kwa hiyo kwa mtu huyu imekuwa ikiingia Kaa karibu na kila zamu ya nyumba ya nne. Ilikuwa huko kuanzia Julai 2001 hadi Agosti 2002, ikawa huko tena kuanzia Juni 2013 hadi Julai 2014, na aliponijia Julai 2025 ilikuwa imeingia mwezi mmoja uliopita, ikitarajiwa kukaa hadi mwisho wa Juni 2026. Alikuwa anatimiza miaka 39 Septemba hiyo. Mtu aliyetaka kuuza kiwanja chake kwa sababu ya nyumba tupu alikuwa miezi miwili tu kabla ya mwaka wa nyumba hiyohiyo, na mgeni mwema alikuwa ameshaingia ndani.

Sikumwambia kwamba atajenga. Chati haichanganyi zege. Nilimwambia kwamba kwa jinsi ninavyoisoma, kifungo cha nyumba yake kiko kwa ndugu na kwenye karatasi, na kwamba mwaka alioko kabla ya siku ya kuzaliwa, ambao kwa hesabu ileile ni wa nyumba ya tatu, ndio mwaka wa kuyazungumza hayo. Nilimshauri asiende kwa kaka yake na neno la nyota mdomoni, aende na risiti za fedha alizotuma na maneno ya heshima, na kwamba mambo ya hati ayaulize kwa watu wa ardhi na si kwangu. Kuhusu Mirihi nilimwambia jambo moja tu: mkataba na fundi uandikwe, na mipaka ya kiwanja ionyeshwe kwa majirani kabla tofali halijapangwa.

Walikaa na kaka yake mwezi wa Agosti nyumbani Tukuyu, mama yao akiwepo. Kaka alisema alikuwa akingoja dada yake aanze yeye kulitaja, kwa sababu aliona vibaya kuonekana anamkumbusha kwamba kiwanja kina jina lake. Waliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Novemba mvua zilipoanza kazi ya msingi ilisimama tena, safari hii kwa sababu ya tope, na palitokea maneno makali na jirani wa upande wa juu kuhusu mti wa mparachichi ulio mpakani, ambayo hadi sasa hayajaisha.

Alipokuja mara ya pili, Februari 2026, alikuwa ameifuta ile picha yenye mstari mwekundu na kuweka chati mpya kwenye simu yake. Saa ilikuwa imeandikwa `19:00`. Alitaka tuisome nyumba ya kumi na moja, ambayo nayo haina sayari, kwa kuwa anafikiria kujiunga na kikundi cha akina mama wa sokoni cha kuweka na kukopa. Nyota yake ni Ndoo, nikamwambia, na mwenye nyumba ni Zohali. Kabla sijamaliza aliweka kidole juu ya Mshale na kuniuliza, "Kwa hiyo tumfuate mpaka nyumba ya tisa?"